Modeli za kusoma picha: jina moja, uwezo tofauti

Wafanyabiashara wanaotaka kuingiza ankara kwenye kompyuta kwa kuzipiga picha wanashauriwa kutotazama jina la modeli pekee. Toleo na ukubwa wake navyo ni vya kuangaliwa, kwani modeli zenye jina moja hazina uwezo sawa wa kupokea picha.

Mfano mzuri ni Gemma, familia ya modeli ambazo kampuni ya Google huzitoa ili watu wazipakue na kuziendesha kwenye mashine zao. Toleo la kwanza lilitoka Februari 2024 na la pili Juni mwaka huo. Yote mawili yalipokea maandishi tu. Gemma 3, iliyotoka Machi 2025, ilianza kupokea picha, lakini si kwa saizi zote. Mwanzoni ilitolewa kwa saizi nne: 1B, 4B, 12B na 27B, herufi B ikimaanisha bilioni za vigezo. Tatu za juu hupokea picha. Ile ya 1B, ambayo ndiyo nyepesi na yenye kuwavutia wenye kompyuta ndogo, haipokei.

Hatari ni kwamba mnunuzi anaweza asijue. Programu nyingine hukataa picha na kutoa taarifa ya kosa. Nyingine hupeleka jina la faili kama maandishi ya kawaida, na modeli isiyoona kitu hutunga ankara nzima, yenye bidhaa na jumla zinazofanana na za kweli.

Mahali pa kuangalia

Jibu limo katika kadi ya modeli, yaani waraka wa maelezo unaotolewa pamoja nayo. Sehemu ya kusomwa kwanza ni ile inayotaja vitu vinavyoingia na vinavyotoka. Kadi ya Gemma 3 inaeleza kwamba kila picha hubadilishwa kuwa pikseli 896 kwa 896 na kuhesabiwa kama tokeni 256. Tokeni ni vipande ambavyo modeli huvitumia kupima nafasi yake. Kwa saizi tatu za juu, nafasi hiyo ni tokeni 128,000.

Baada ya kadi, huangaliwa chombo kinachoiendesha modeli. Anayetumia programu ya Ollama huandika:

```
ollama show gemma3:4b
```

Katika matoleo ya sasa ya programu hiyo, chini ya `Capabilities` neno `vision` huonyesha kwamba picha zinapokelewa. Kwa `gemma3:1b` neno hilo halipo. Chombo kinaweza pia kuwekewa nafasi ndogo kuliko ya kadi. Kikiwekewa tokeni 4,096, picha 16 peke yake zinaijaza yote, bila hata swali moja.

Hesabu ya ankara moja

Kupokelewa kwa picha hakumaanishi kwamba inasomeka. Tuseme mfanyabiashara wa jumla amepiga ankara kwa simu, na picha ina pikseli 3,000 kwa 4,000. Tarakimu za bei zina kimo cha pikseli 40. Picha inapobanwa hadi 896, urefu wake hupungua karibu mara nne na nusu, na tarakimu hubaki na kimo cha pikseli 9 hivi. Kwa kimo hicho 3 na 8 hukaribia kufanana, hasa kwenye karatasi ya nakala iliyofifia. Shilingi 138,000 ikisomwa 188,000, hesabu imepotoka kwa shilingi 50,000 na hakuna taarifa ya kosa itakayoonekana.

Dawa yake ni kuikata picha kabla ya kuipeleka. Ikigawanywa vipande vinne vya pikseli 1,500 kwa 2,000, tarakimu zilezile hubaki na kimo cha pikseli 18 hivi. Gharama yake ni tokeni 1,024 badala ya 256, na kazi huchukua muda zaidi. Vipande viachwe vipishane kidogo ili mstari wa bidhaa usikatwe katikati.

Kabla ya kulipa

Muuzaji wa programu ya ankara aulizwe mambo mawili: jina kamili la modeli pamoja na toleo na saizi yake, na kipimo ambacho picha hupunguzwa kabla ya kusomwa. Majibu yake yalinganishwe na kadi.

Kisha ijaribiwe ankara ambayo jumla yake inajulikana, na baadaye ileile ikiwa imefunikwa bei moja kwa karatasi. Programu ikitoa bei iliyofunikwa, inabuni. Mwisho, bei za bidhaa zijumlishwe na kulinganishwa na jumla iliyoandikwa kwenye ankara. Zisipolingana, ankara hiyo irudishwe kwa karani aisome kwa macho.