X na O: kusoma bei ya mukuba bila kupotezwa na kelele

Kila siku ya kazi, kule Londoni, Soko la Metali linatangaza bei ya toni moja ya mukuba. Hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, ile bei njo wakubwa wanaleta ku meza wakati tunaomba nyongeza ya mushahara ao primu. Juma hili wanasema: «Bei imeanguka.» Juma lingine imepanda, na hakuna mutu anayesema kitu. Sisi wa sendika tunahitaji namna ya kutenga kuanguka kwa kweli na kutikisika kwa kila siku.

Namna moja ni ya zamani. Wachuuzi wa soko la hisa la Nyu Yoki walikuwa wanaitumia mbele ya kompyuta kuzaliwa. Inahitaji paka kreyo na kaye ya karo ya mutoto wa shule.

Kwanza tunachagua ukubwa wa kisanduku. Tuseme kila karo moja ni dola 100. Bei ikipanda dola 100 kamili tunaandika X moja, na X zinapandana juu katika nguzo moja. Bei ikishuka tunaandika O, nazo zinakwenda chini katika nguzo yake. Pili tunachagua mgeuko: hatutoki nguzo ya X kwenda ya O mpaka bei irudi nyuma visanduku 3, ni kusema dola 300. Kisha tunahamia nguzo ya pembeni, na O ya kwanza inakaa karo moja chini ya X ya juu. Isipofika hapo, hatuandiki kitu, hata siku zikipita.

Tuchukue mfano tuliotunga wenyewe. Nguzo ya X imefika 9.500. Siku 10 za kazi zinaleta bei hizi: 9.540, 9.460, 9.580, 9.620, 9.410, 9.350, 9.290, 9.240, 9.180 na 9.440.

Siku 3 za kwanza hatuandiki kitu, juu bei haijafika 9.600, wala haijashuka mpaka 9.200. Siku ya 4 imepita 9.600: X moja. Sasa mgeuko unangojea 9.300. Siku ya 5 na ya 6 bei inashuka, watu wanaanza kuogopa, lakini kaye inanyamaza. Siku ya 7 imefika 9.290: tunafungua nguzo mupya na kuandika O tatu, kwa 9.500, 9.400 na 9.300. Siku ya 8 hakuna. Siku ya 9 imepita 9.200: O moja tena. Siku ya 10 bei imeruka dola 260, lakini ili turudi kwa X inaomba 9.500. Hakuna. Kwa siku 10, tumeandika siku 3 tu.

Angalia: ku kaye hii hakuna tarehe. Nguzo moja inaweza kuchukua siku 2 ao miezi 4, na upana wake ni ule ule. Wakati bei imelala, mchoro unalala naye. Kwa sababu mikataba yetu iko na tarehe, badala ya alama ya kwanza ya kila mwezi tunaandika namba ya mwezi: 1 mpaka 9, halafu A, B na C kwa Oktoba, Novemba na Desemba.

Hatari kubwa iko katika kisanduku. Kwa bei zile zile, kisanduku cha dola 20 kingetufanya tuandike kila siku, na kelele yote inarudi. Kisanduku cha dola 300 kingengoja bei ishuke dola 900 mbele ya kusema kitu. Hapo kuanguka kwa kweli kunajulikana wakati watu wamekwisha kufukuzwa. Na dola 100 haina uzito mmoja kila wakati: bei ikiwa 9.500 ni kama asilimia 1, lakini mwisho wa mwaka 2008, bei ilipoanguka karibu na 3.000, ilikuwa zaidi ya asilimia 3. Kwa kusoma miaka mingi, afazali kisanduku cha asilimia.

Kwa hiyo, mutu akileta mchoro wake ku meza, tumuulize maswali mawili: kisanduku ni ngapi, na mgeuko ni ngapi? Tuyapatane na kuyaandika mbele ya kuangalia bei, maana mwenye kubadilisha kisanduku kisha kuona bei anaweza kuonyesha picha anayoitaka.

Mchoro huu hautabiri kesho. Tena hauonyeshi kiasi cha mukuba ndani ya jiwe, wala maji ndani ya mfuko, mambo ambayo mchimbaji mdogo anakatwa nayo kwa depo. Unajibu swali moja tu: bei imegeuka kweli, ao imetikisika? Wakubwa wakisema «imeanguka» siku ya 5 ya mfano wetu, jibu liko ku kaye: bado.