Mistari Mitatu ya Mtoto wa Kumasi

Mwaka 1995, mjini Kumasi, Ghana, ulianza mpango wa kupima damu ya watoto wachanga ili kuwatambua wenye selimundu kabla hawajaugua. Takriban watoto 2 katika kila 100 walikutwa nao. Baadhi yao hawakuwa na selimundu ile inayojulikana zaidi Afrika Mashariki, ya kurithi himoglobini S kwa wazazi wote wawili, bali walirithi S kwa mmoja na C kwa mwingine. C ni ya Afrika Magharibi hasa. Huku kwetu ni nadra.

Chukua mama mwenye A na S, na baba mwenye A na C. Wote wazima, wanalima, wanafanya biashara, hawana habari. Lakini kila mimba yao ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SC.

Mtoto huyo huchomwa kisigino, na matone ya damu hukaushwa kwenye karatasi nene inayonyonya. Maabara hukata kiduara kidogo, hukilowesha, kisha maji yake hutiwa kwenye jeli yenye alkali na umeme hupitishwa. Hapo ndipo mbio zinapoanza. Kwenye nafasi ya sita ya mnyororo wa beta, himoglobini A ina asidi ya glutamiki, yenye chaji hasi. S ina valini, isiyo na chaji. C ina lisini, yenye chaji chanya. Kwa hiyo A hukimbilia upande chanya haraka zaidi, S hufuata nyuma, na C hujikokota mwisho. Tofauti yote hii imetokana na kiungo kimoja tu katika mnyororo wa viungo 146!

Mtoto mchanga ana jambo lake: sehemu kubwa ya damu yake bado ni F, himoglobini ya tumboni, inayosimama kati ya A na S. Mtoto wetu anaonyesha mistari ya F, S na C. A haipo kabisa, na kukosekana huko ndiko kunakomfichua. Angekuwa mbebaji tu wa S, mstari wa A ungeonekana, tena mzito kuliko wa S.

Jeli hiyo hata hivyo hudanganya. Himoglobini E husimama palepale pa C, na D husimama pa S. Ndiyo maana damu hupimwa tena kwenye jeli yenye asidi, ambako C huachana na E, na S huachana na D.

Mtego mbaya zaidi hauko maabara. Mtoto akiongezewa damu kabla ya kuchomwa kisigino, A ya mchangiaji hujitokeza kwenye jeli, naye mgonjwa husomeka kama mbebaji. Wauguzi makini huchukua yale matone kwanza, ndipo watundike chupa ya damu.