Daftari la Mauzo na Bei Mbili za Kodi Moja

Wafanyabiashara wengi wadogo wa Tanzania Bara hawajui kwamba sheria imewawekea bei mbili za kodi ileile ya mapato. Watu wawili wenye mauzo sawa kwa mwaka, mmoja akiwa na kumbukumbu na mwingine hana, hawadaiwi sawa. Asiye na kumbukumbu hutozwa kiasi kilichopangwa kwa ngazi yake, na mwenye kumbukumbu hupigiwa hesabu kwa mauzo yake halisi. Kwa duka dogo tofauti hiyo inaweza kuwa pango la mwezi au zaidi, na inatokana na daftari tu.

Hii ndiyo kodi ambayo watu huiita ya makadirio. Inamhusu mtu binafsi mkazi ambaye kipato chake chote kinatokana na biashara, na mauzo yake ghafi hayavuki shilingi milioni 100 kwa mwaka. Kampuni haimo, hata ikiwa ndogo kiasi gani. Mauzo ghafi ni fedha yote uliyouza, kabla hujatoa gharama ya mzigo, pango, umeme wala mshahara wa kijana wa dukani. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu anasema, "Mimi sipati faida, nitalipaje kodi?" Kodi hii haiulizi faida, inauliza umeuza kiasi gani. Anayeona mauzo ni makubwa ila faida ni kiduchu ana ruhusa ya kuchagua kutoka kwenye utaratibu huu na kutozwa kwa faida, lakini atalazimika kuandaa hesabu kamili.

Viwango vya ngazi za chini, kama vilivyoanza Julai 2019, ni hivi. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayana kodi. Kati ya milioni 4 na milioni 7, asiye na kumbukumbu analipa shilingi 100,000, na mwenye kumbukumbu analipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Kati ya milioni 7 na milioni 11, asiye na kumbukumbu analipa 250,000, na mwenye kumbukumbu analipa 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni 7. Kwa kuwa Bunge hupitisha Sheria ya Fedha kila Juni, hakikisha viwango vya mwaka wako kwenye ofisi ya TRA kabla ya kupiga hesabu.

Sasa tumchukue mama aliyefungua duka la vyombo vya plastiki Msamvu, Morogoro. Amekwenda kukadiriwa, na afisa anamuuliza, "Mama, kwa siku unauza shilingi ngapi?" Anakumbuka wiki iliyopita ilivyokuwa nzuri, anajibu, "Kama elfu ishirini na tano hivi, mwanangu." Afisa anazidisha siku 26 za mwezi, kisha miezi 12, anapata milioni 7.8. Mama hana daftari, kwa hiyo anaandikiwa 250,000.

Afisa hakumwonea. Ametumia namba aliyopewa. Tatizo ni kwamba elfu ishirini na tano ilikuwa siku nzuri. Kuna siku za mvua alizouza elfu nane, kuna Januari ambayo watu wamemalizia fedha kwenye ada na sare, kuna wiki alizofunga duka akaenda msibani. Tuseme angeandika kila siku, na mwisho wa mwaka daftari likaonyesha mauzo ya milioni 6.1. Kilichozidi milioni 4 ni milioni 2.1, na asilimia 3 yake ni shilingi 63,000. Angebaki na 187,000 mkononi. Hata kama daftari lingethibitisha kwamba kweli ameuza milioni 7.8, kodi yake ingekuwa 90,000 na 24,000 juu yake, yaani 114,000. Bado ni chini ya nusu ya alichoandikiwa.

Angalia pia mpaka wa milioni 7. Asiye na daftari akivuka kidogo tu, kodi inaruka kutoka laki moja hadi laki mbili na nusu. Mwenye daftari anapanda polepole: kwa milioni 6.9 ni 87,000, na kwa milioni 7.1 ni 93,000.

Daftari lenyewe halihitaji mhasibu. Kila siku andika tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya simu, manunuzi na matumizi, kila kimoja kwenye safu yake. Andika jioni kabla ya kufunga, maana kumbukumbu ya wiki nzima iliyoandikwa Jumapili ni kubahatisha. Unapofunga mzigo Kariakoo au kwa muuzaji wa jumla wa mjini kwenu, dai risiti ya EFD na uihifadhi kwenye faili. Mwisho wa mwaka hesabu bidhaa zilizobaki dukani. Sheria inataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5, na karatasi za risiti hufifia, kwa hiyo zitoe nakala mapema.

Risiti za manunuzi zina kazi kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ndizo zinazolipa daftari ushahidi. Mama wetu akiwa amenunua mzigo wa milioni 4.5 tangu afungue duka, na umebaki wa laki 6, basi ameuza vitu vilivyomgharimu milioni 3.9. Mauzo ya milioni 6.1 hapo yanaingia akilini. Lakini daftari likionyesha mauzo ya milioni 3.5, afisa atauliza kwa nini anauza chini ya bei aliyonunulia. Daftari la kupika hujulikana pia kwa sura: kila siku namba ya mviringo, wino mmoja, hakuna siku mbaya hata moja.

Simu ina mtego wake. Mdogo wako akikutumia laki 3 za matibabu ya mzazi kwenye laini ileile unayopokelea wateja, kwenye taarifa ya miamala inaonekana ni fedha iliyoingia. Tenga laini ya biashara au tumia Lipa Namba kwa wateja peke yao.

Leseni ni jambo jingine kabisa, ingawa wengi huvichanganya. Kodi ya mapato inakwenda TRA. Leseni ya biashara za kawaida za mtaani hutolewa na halmashauri, nayo hudumu mwaka mmoja. Unaanza TRA kupata TIN, ambayo ni bure, unakadiriwa, unapewa hati ya uthibitisho wa kodi, kisha unaomba leseni ukiwa na kitambulisho cha taifa na mkataba wa pango. Kuwa na leseni hakukuondolei kodi, na risiti ya kodi si leseni.

Makadirio hulipwa kwa awamu nne, zinazoishia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Anayeanza hana historia, hivyo makadirio yake ya kwanza hutokana na mazungumzo. Katika mazungumzo hayo usitaje siku nzuri. Taja mauzo ya mwezi mzima, pamoja na siku ulizofunga. Ukiona baada ya miezi michache daftari linasema tofauti, usisubiri Desemba; rudi ofisini nalo, pamoja na faili la risiti na taarifa ya miamala ya simu, uombe makadirio yarekebishwe. Na ukifunga duka, toa taarifa TRA kwa maandishi na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri, kwa sababu bila taarifa hiyo deni la awamu zijazo linaendelea kuandikwa kwenye TIN yako.