Godoro Moja, Kodi Mara Nne: VAT Inavyopita Dukani

Kodi ya Ongezeko la Thamani, ambayo wengi huiita VAT, ilianza kutozwa Tanzania mwaka 1998, na kiwango chake cha kawaida Tanzania Bara ni asilimia 18. Anayeibeba ni mnunuzi wa mwisho, yule anayekwenda kuitumia bidhaa nyumbani kwake. Lakini haikusanywi kwake yeye peke yake. Hukusanywa vipande vipande kila bidhaa inapobadilisha mikono, na kila muuzaji aliyesajiliwa hupeleka serikalini kipande kinacholingana na thamani aliyoiongeza yeye.

Chukulia godoro moja. Kiwanda kinaagiza malighafi ya Sh 60,000 kutoka nje, na forodhani kinalipa VAT ya Sh 10,800. Godoro likikamilika, kiwanda kinaliuza kwa mwenye duka la jumla Sh 100,000, na juu yake VAT Sh 18,000. Hizo 18,000 si mali ya kiwanda, kimezipokea kwa niaba ya serikali. Hata hivyo hakizipeleki zote, kwa sababu 10,800 kilishazilipa forodhani. Kinatoa kodi ya manunuzi kwenye kodi ya mauzo, na tofauti, Sh 7,200, ndiyo kinayowasilisha.

Mwenye duka la jumla anaongeza Sh 20,000 yake. Anauza kwa Sh 120,000 na VAT Sh 21,600. Akitoa 18,000 alizolipa kiwandani, anawasilisha Sh 3,600. Mwenye duka la rejareja naye anaongeza Sh 30,000, kwa hiyo bei ni Sh 150,000 na VAT Sh 27,000. Anatoa 21,600, anawasilisha Sh 5,400. Mteja analipa Sh 177,000 na kubeba godoro lake. Hana wa kumdai, maana hauzi tena.

Jumlisha vipande vinne: 10,800, 7,200, 3,600 na 5,400. Jibu ni Sh 27,000, yaani asilimia 18 kamili ya Sh 150,000. Faida ya mwenye duka, Sh 30,000, haijaguswa na kodi hii.

Hesabu hiyo inashikiliwa na karatasi moja tu: risiti ya mashine ya EFD yenye jina na TIN ya aliyenunua. Mwenye duka akikosa risiti ya mzigo wake, hana kodi ya manunuzi ya kudai. Zile 21,600 alizolipa kwa mwenye duka la jumla zinageuka gharama yake, na bado atatakiwa kuwasilisha 27,000 nzima kutokana na mauzo. Kwa godoro moja, faida ya 30,000 inabaki 8,400. Mfanyabiashara anayekubali kuuziwa "bila risiti" kwa kupunguziwa elfu chache hujiumiza mwenyewe.

Mnyororo ukikatika katikati, maumivu humfikia hata mteja. Tuseme mwenye duka la jumla hakusajiliwa VAT. Ananunua kwa Sh 118,000, hana pa kudai 18,000, anaongeza 20,000 yake na kuuza Sh 138,000. Mwenye duka aliyesajiliwa anaongeza 30,000, bei inafika 168,000, kisha VAT ya Sh 30,240 inawekwa juu. Godoro lile lile sasa ni Sh 198,240, na ndani yake mna kodi juu ya kodi.

Asiyesajiliwa akiwa mwisho wa mnyororo, mambo ni tofauti kidogo. Ananunua kwa 141,600, anaongeza 30,000, anauza Sh 171,600. Haruhusiwi kutoza VAT, na hatozi, lakini kodi ya 21,600 imo ndani ya bei yake. Mteja wa nyumbani ataona nafuu. Mwenye nyumba ya wageni aliyesajiliwa hataiona: kwa duka lililosajiliwa analipa 177,000 na kudai 27,000, hivyo godoro linamgharimu 150,000 tu. Ndiyo maana wateja wa aina hiyo huuliza risiti kabla ya kuuliza bei.

Liko kosa moja la kawaida katika hesabu za dukani. Bei ya rafuni huwa tayari ina VAT ndani yake, kwa hiyo kodi haipatikani kwa kuchukua asilimia 18 ya bei hiyo. Asilimia 18 ya 177,000 ni 31,860, na kiasi hicho kinazidi kodi halisi kwa Sh 4,860. Njia sahihi ni kugawa bei kwa 118, kisha kuzidisha kwa 18, na jibu ni 27,000.

Hesabu hufungwa kwa mwezi, si kwa bidhaa moja moja. Mwenye duka aliyenunua magodoro kumi mwezi huu na kuuza matatu hudai kodi ya yote kumi, ingawa saba bado yako stoo. Ritani ya mwezi huo huwasilishwa kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita, pamoja na malipo yake.