Adui Anayekwama Mlangoni

Mchezaji amejibanza chumbani. Adui, jitu la mabega mapana, anamwona na kumfukuza, lakini akifika karibu na mlango anaigandia pembe ya ukuta na kukimbia papo hapo, miguu ikienda mbio na mwili ukiwa umetulia tuli. Mchezaji anacheka, anampiga risasi kwa raha zake na kusema gemu hii imetengenezwa ovyo.

Lawama huangukia akili ya adui, na mara nyingi si haki. Adui amefuata ramani aliyopewa, na kwenye ramani hiyo mlango haupo.

Kupima kila hatua kama mwili mzima wa adui utaenea mahali fulani ni kazi nzito kwa kompyuta, hasa maadui wakiwa wengi. Kwa hiyo hutumika hila ambayo Tomás Lozano-Pérez na Michael Wesley waliieleza mwaka 1979 katika utafiti wao wa kupanga njia kati ya vizuizi: kitu kinachotembea kichukuliwe kuwa nukta tu, na vizuizi vinenepeshwe kufidia unene uliopunguzwa. Kwenye gemu, unene huo ni nusukipenyo cha adui, yaani umbali kutoka katikati ya mwili wake hadi ubavuni. Sakafu hupunguzwa kiasi hicho kutoka kila ukuta, na sehemu inayobaki ndiyo ramani ya mwendo. Nukta ikiweza kupita, mwili nao utapita. Ukumbi mpana haudhuriki kwa hesabu hii. Mlango mwembamba huliwa pande zote mbili, na ukiliwa kupita kiasi unazibika.

Godot, injini ya gemu isiyolipiwa, inafaa kuonyesha jambo hili kwa sababu namba zake zote ziko wazi. Kama injini nyingine kadhaa, inatumia Recast, programu iliyoanzishwa na Mikko Mononen. Recast haisomi kuta kwa usahihi wa sentimita. Kwanza hukatakata ulimwengu wa gemu kuwa vijisanduku, ambavyo katika Godot huwa na upana wa mita 0.25 mtengenezaji asipobadilisha chochote. Nusukipenyo nacho huhesabiwa kwa vijisanduku vizima, na sehemu yoyote inayozidi hupandishwa hadi kijisanduku kinachofuata.

Hapo ndipo mtego ulipo. Tuseme mlango una upana wa mita 1.5 na adui ana nusukipenyo cha mita 0.55, hivyo upana wake wote ni mita 1.1. Kwa hesabu ya kawaida anapita na kubakiza sentimita 40. Lakini 0.55 ukigawanya kwa 0.25 unapata vijisanduku 2.2, na Godot inavipandisha kuwa 3, sawa na mita 0.75. Mita 0.75 upande huu, mita 0.75 upande ule: jumla 1.5, na mlango wote umekwisha. Godot hutoa onyo kwamba namba imepandishwa, lakini onyo hilo hupita kwenye orodha ya ujumbe na wengi hawalitazami.

Kwa nini basi adui asisimame tu? Kwa sababu akiombwa njia ya mahali pasipofikika, mfumo haumnyimi jibu. Humpa njia ya kwenda sehemu inayofikika iliyo karibu zaidi na shabaha, na mara nyingi hiyo ni ukingo wa ramani kando ya ukuta anaojificha mchezaji. Adui hufika hapo, na kama programu yake inaendelea kumsukuma kuelekea kwa mchezaji, anaukimbilia ukuta.

Kuthibitisha hakuhitaji kubahatisha. Kwenye menyu ya `Debug` kuna `Visible Navigation`. Ikiwashwa, ramani hutandazwa sakafuni kwa rangi. Ukanda wa rangi ukikatika mlangoni, tatizo ni ramani. Programu yenyewe inaweza kuulizwa pia:

```gdscript
if not agent.is_target_reachable():
    print(agent.get_final_position())
```

Namba zinazochapishwa zikionyesha sehemu iliyo nje ya mlango, basi adui hajapotea njia. Amefika mwisho wa njia aliyopewa.

Wengi wakigundua hivyo hukimbilia dawa ya haraka: wanapunguza `agent_radius` ya ramani hadi 0.5, ambayo ni vijisanduku 2 kamili. Rangi inaonekana mlangoni, njia inapatikana, na adui bado anakwama. Safari hii ugonjwa ni mwingine ingawa dalili zinafanana. Njia hukazwa kama kamba inayovutwa pande zote mbili, kwa hiyo huigusa kila pembe ya ramani inapozunguka. Ramani inadhani mwili unahitaji nusu mita kutoka ukutani, na mwili wenyewe unahitaji 0.55. Zile sentimita 5 zinatosha bega kunasa kwenye kona. Kuwasha `Visible Collision Shapes` kutaonyesha umbo la mwili likigusana na ukuta huku njia ikiendelea mbele vizuri.

Kinachochanganya zaidi ni kwamba Godot ina nusukipenyo cha tatu, kile cha `NavigationAgent3D`. Jina lake, `radius`, humfanya mtu adhani ndicho kinachoamua njia. Kazi yake ni kuwaepusha maadui wasigongane wao kwa wao. Mtu anaweza kukibadilisha siku nzima na mlango usifunguke hata kidogo.

Kipo pia `path_desired_distance`, umbali ambao adui akiufikia huhesabu kwamba amemaliza kituo kimoja cha njia na kugeukia kinachofuata. Usipoguswa ni mita 1. Kwenye uwanja wazi huo ni umbali mzuri. Kwenye kona ya mlango, adui hugeuka mita nzima kabla ya wakati, anakata pembe na kuingia ukutani hata kama ramani haina kosa.

Kwa mlango wetu, tiba ya kweli ni kupunguza vijisanduku hadi mita 0.1 na kurudisha `agent_radius` iwe 0.55. Hesabu itapandishwa hadi vijisanduku 6, yaani mita 0.6. Mlangoni unabaki ukanda wa hadi sentimita 30, na mwili unapata nafasi ya sentimita 5 kwenye kila kona. Mpangilio wa mradi uitwao `navigation/3d/default_cell_size` lazima ubadilishwe ulingane, kisha ramani itengenezwe upya kwa kitufe cha `Bake NavigationMesh`. Gharama ipo: vijisanduku vya sakafu huongezeka zaidi ya mara sita, na kutengeneza ramani huchukua muda mrefu zaidi. Kwa jengo moja si kitu. Kwa gemu yenye mji mzima, mara nyingi ni nafuu kumwambia mchora majengo apanue milango. Kwa vijisanduku vya mita 0.25, jitu hili linahitaji kama mita 2 ili kuwe na akiba ya kijisanduku kimoja kila upande.

Kupanua milango hakusaidii pale gemu inapokuwa na panya na jitu pamoja. Ramani moja hubeba nusukipenyo kimoja tu. Ikitengenezwa kwa ajili ya jitu, panya atazuiwa kwenye matundu anayopita bila shida. Ikitengenezwa kwa ajili ya panya, jitu litapelekwa kwenye mashimo lisimoenea. Godot inaruhusu kila ukubwa wa mwili uwe na ramani yake, na adui apewe ile inayomhusu kwa `set_navigation_map`. Watengenezaji wengi huishia na mbili: ya wadogo na ya wakubwa.