Bakuli la Urojo, Kisha Chai ya Viungo

Mwongoza wageni anayejua kazi yake Mji Mkongwe, Unguja, haanzii kwenye moshi wa mishikaki ya Forodhani. Huanzia kwenye sufuria ya urojo.

"Karibuni wageni. Huu mchuzi wa manjano ni unga wa ngano ulioyeyushwa kwa maji, ukapikwa na bizari ya manjano, ukatiwa embe mbichi au ndimu upate ukali. Ndani yake huwekwa viazi vya kuchemsha, bajia, kachori na mshikaki. Juu hunyunyizwa chipsi za muhogo, kisha chatne ya nazi na pilipili. Asiyekula ngano aseme sasa."

Kabla ya kuagiza, awaoneshe pa kutazama. Mchuzi utoe mvuke. Ukiwa vuguvugu tu, vijidudu huzaliana humo. Nyama itoke jikoni, si kwenye sinia iliyokaa tangu alasiri. Ila mimi jicho langu huwa kwenye chatne. Nazi mbichi iliyosagwa haipikwi tena, na kwa joto la pwani huchacha upesi: huanza kutoa povu na harufu ya uchachu. Ukiiona hivyo, omba bakuli lisilo na chatne. Muuzaji hatakasirika.

Mwisho ni chai ya rangi, iliyochemshwa na tangawizi, iliki na mdalasini. Kwa tumbo geni ni salama kuliko juisi ya miwa yenye barafu, mradi imechemka kweli na kikombe hakikusuuzwa kwenye ndoo ya maji machafu.