Kusoma Rejea Moja Sehemu kwa Sehemu: Kutoka kwa Mwandishi hadi kwenye Chombo

Mwanafunzi anayeanza masomo ya theolojia hukutana na orodha ya marejeo mwishoni mwa karibu kila kitabu anachopewa kusoma. Aghalabu huipita, kwa kuwa humwonekea kama mkururo wa majina, tarakimu na nukta. Hata hivyo kila rejea katika orodha hiyo hujibu maswali manne: Ni nani aliyesema? Maneno yake yalitolewa lini? Yana anwani gani? Na yamewekwa wapi? Katika makala hii tutachukua rejea moja tu na kuifungua sehemu kwa sehemu. Tutaona kwamba swali la nne ndilo linalowapotosha wengi, nalo likijibiwa vibaya laweza kupindua hata historia ya mjadala wenyewe.

Rejea yetu inamhusu Ernst Käsemann, mtaalamu wa Agano Jipya wa Ujerumani. Imeandikwa hivi:

Käsemann, Ernst. 1964. “The Problem of the Historical Jesus.” Katika *Essays on New Testament Themes*, kur. 15–47. Kimefasiriwa na W. J. Montague. London: SCM Press.

Tuanze na mwandishi. Jina la ukoo limetangulia kwa sababu orodha hupangwa kwa alfabeti ya majina hayo, nayo koma inayolifuata hutuarifu kwamba majina yamegeuzwa. Mwandishi hapa ni yule ambaye maneno yanayotajwa ni yake. Montague ni mfasiri, kwa hiyo jina lake limewekwa mbele zaidi, karibu na kitabu alichokifasiri. Ndivyo ilivyo pia kwa mhariri aliyekusanya makala za watu wengi: yeye ni wa kitabu kizima, si wa makala iliyomo. Mwanafunzi anayemweka mhariri mahali pa mwandishi humpa mtu mmoja mawazo ya mwingine.

Sehemu ya pili ni mwaka. Hapa yatupasa kuwa waangalifu, kwa maana 1964 ni mwaka ambao kitabu hiki kilitolewa London. Hautuambii makala ilitungwa lini. Jambo hili tutalirudia baada ya kueleza chombo.

Kisha zinakuja anwani mbili, na alama zake si pambo. Anwani ya kwanza imo ndani ya alama za kunukuu. Maana yake ni kwamba kilichotajwa ni sehemu ya kitu kikubwa zaidi. Anwani ya pili imepigwa kwa herufi za mlazo. Maana yake ni kwamba hicho ndicho kitu kizima, chenye jalada lake, kinachoweza kutafutwa katika rafu ya maktaba. Neno “Katika” linaunganisha hizo mbili. Kitu hicho kizima ndicho tunachokiita chombo. Chombo chaweza kuwa kitabu cha mkusanyiko, jarida, kamusi ya theolojia au gazeti. Mwongozo wa marejeo wa Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani, katika toleo lake la nane la mwaka 2016, ulilifanya wazo hili la chombo kuwa msingi wa rejea zote. Makala ni kama barua, na chombo ni bahasha iliyoibeba. Barua ile ile yaweza kunakiliwa na kutiwa katika bahasha nyingine baada ya miaka mingi.

Ndivyo ilivyotokea kwa makala hii. Käsemann aliitoa kwanza kama mhadhara tarehe 20 Oktoba 1953 huko Jugenheim, mbele ya wanafunzi wa zamani wa Rudolf Bultmann, ambaye alikuwa mwalimu wake mwenyewe. Mwaka 1954 ilichapishwa katika jarida. Mwaka 1960 ikaingia katika juzuu ya kwanza ya mkusanyiko wa makala zake kwa Kijerumani, uliotolewa Göttingen. Mwaka 1964 ikatoka kwa Kiingereza. Makala ni moja, lakini vyombo ni vitatu, na kila chombo kina mwaka wake na kurasa zake.

Sasa tuone hatari iliyopo. Katika mhadhara ule Käsemann alipinga mashaka ya mwalimu wake kuhusu Yesu wa historia, na Bultmann alimjibu yeye na wenzake katika maandishi yaliyotolewa mwaka 1960. Mwanafunzi anayeiona 1964 katika rejea ya Käsemann na 1960 katika rejea ya Bultmann, bila kuuliza habari za chombo, ataandika kwamba Bultmann alitangulia na Käsemann akamjibu. Hivyo jibu litakuwa limetangulia swali, na hoja yote inayojengwa juu ya mfuatano huo itaanguka. Ili kuepuka jambo hili, waandishi wengi huweka miaka yote miwili: Käsemann, Ernst. [1954] 1964. Mwaka ulio katika mabano ni wa kuchapishwa mara ya kwanza. Unaofuata ni wa chombo alicho nacho msomaji. Mwaka wa kwanza hupatikana mara nyingi katika tanbihi ya kwanza ya makala, katika dibaji, au nyuma ya ukurasa wa anwani.

Kurasa nazo ni za chombo. “Kur. 15–47” huonyesha makala inapoanza na inapoishia. Ukitaja neno fulani ndani ya insha yako, utaandika ukurasa ule mmoja tu, kwa mfano (Käsemann [1954] 1964, 24). Rejea ya jarida kwa makala hiyo hiyo ni hii:

Käsemann, Ernst. 1954. “Das Problem des historischen Jesus.” *Zeitschrift für Theologie und Kirche* 51: 125–153.

Anayezoea kusoma Biblia aweza kudhani kwamba 51: 125 ni sura na aya. La, ni juzuu ya jarida na kurasa zake. Tena hapa hapana mji wala mchapishaji, kwa kuwa jina la jarida pamoja na namba ya juzuu vyatosha kuifikia makala. Kitabu hakina namba ya namna hiyo, ndiyo sababu hutajiwa London na SCM Press.

Kutokana na hayo tunapata njia rahisi ya kugundua kosa. Ukikuta insha inataja “Käsemann 1954, 24”, jua mara moja kwamba vyombo viwili vimechanganywa, kwa sababu makala ya 1954 inaanza ukurasa wa 125. Yamkini mwandishi alisoma kitabu cha 1964 na kunakili mwaka kutoka mahali pengine. Msomaji atakayelifungua jarida kutafuta ukurasa wa 24 atakutana na kazi nyingine kabisa.

Vyuo na majarida hutofautiana katika mpangilio: wengine huuweka mwaka mwishoni, wengine hutumia koma mahali pa nukta. Fuata utaratibu wa mahali unapoandikia. Lakini mwaka wa chombo, mchapishaji na kurasa visitoke katika vyombo viwili. Andika chombo kile ulichokishika mkononi ulipokuwa ukisoma, na kama makala ilizaliwa mapema zaidi, uongeze mwaka wa kuzaliwa kwake katika mabano.